Barua kwa Mama Siku ya Kuzaliwa Kwake

Mama yetu mpendwa,

Anayeandika ni mwanao wa tatu, yule wa seminari, lakini maneno ni yetu sote wanne. Tumepigiana simu wiki nzima tukibishana zawadi gani ikufae, maana khanga unazo hadi nyingine bado hazijakatwa pindo. Mwisho tukasema tukukumbushe nyimbo tatu.

Ya kwanza ni Tantum Ergo. Wewe uliiita "Tantumu Erigo", na hadi leo ndivyo tunavyoisikia masikioni kabla ya kuisoma kitabuni. Kwenye Baraka ya Sakramenti Kuu ulitupanga benchi la tatu, mdogo wetu akiwa mgongoni mwako, na ulipofika mstari wa pili mkono wako ulitushika kisogo mmoja baada ya mwingine tuiname. Hukutueleza kwa nini. Huku seminarini tumefundishwa kwamba hizo ni beti mbili za mwisho za utenzi mrefu wa Mtakatifu Thoma wa Akwino, unaohusishwa na sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo iliyowekwa na Papa Urbano wa Nne mwaka 1264, na kwamba mstari ule wa pili ndio hasa unaotutaka tuabudu tukiwa tumeinama. Kwa hiyo Mama, ambaye hukuwahi kusoma Kilatini, mkono wako ulijua panapotakiwa.

Ya pili ni Usiku Mtakatifu, na hapa tuna neno nawe. Ulikuwa mwimbaji wa sauti ya pili kwaya nzima ya kigango, na nyumbani uliimba sauti hiyo hiyo, peke yake, bila ya kwanza. Unakumbuka ile Krismasi ambayo malipo ya kahawa yalichelewa? Hapakuwa na nguo mpya wala mafuta ya taa ya kutosha, ukazima kibatari mapema ukatuimbia gizani. Tulilala tukiamini kwamba wimbo wenyewe ndio huo. Wanakwaya wote wanajua unavyoanza: sauti ya kwanza ni so, la, so, mi. Sisi tulilelewa kwa mi, fa, mi, do. Mwenzetu wa kwanza alipokwenda shule ya bweni alishangaa kuona darasa zima linaimba kitu kingine, akarudi likizo na kutuambia, kwa huruma kubwa, kwamba watu wa huko hawaujui wimbo huo.

Baadaye tulisoma kwamba padri Joseph Mohr alitunga maneno yake mwaka 1816, na mwalimu Franz Gruber akatia muziki mwaka 1818, ukaimbwa mkesha wa Krismasi kule Oberndorf, Austria, kwa gitaa. Tulifurahi kusikia habari ya gitaa. Nasi hatukuwa na kinanda.

Ya tatu ni Malaika. Huu si wa kanisani, na wahariri watatusamehe. Fadhili William aliurekodi, Miriam Makeba akaufikisha mbali, lakini kwetu ulikuwa wa Baba. Aliuimba msimu wa kuchuma, akizungusha mpini wa mashine ya kumenyea kahawa, nawe ukimimina maji na kuondoa maganda mekundu. Kijana wa kwenye wimbo anashindwa kuoa kwa kukosa mali, na Baba alipofika hapo alisimamisha mpini, akakutazama, kwa sababu ya wale mbuzi wawili wa mahari ambao babu aliwadai mpaka akafa. Wewe ulimwambia, "Zungusha, kahawa italala na maganda." Kisha, ukidhani hatusikii, uliingia na sauti yako ya pili chini ya sauti yake.

Tangu tumzike Baba hujauimba. Ukipigwa redioni unanyanyuka na kuizima, nasi tunajifanya tunatazama kuku. Mwaka wa nne sasa. Kwaya nayo umeiacha, ukasema kifua, ingawa kifua hicho kinatosha kumwita mjukuu kutoka bondeni hadi huku juu.

Hatukulazimishi, Mama. Jumapili tunakuja wote wanne baada ya Misa ya kwanza, na kaka anakuja na gitaa lake. Baada ya kula tutaimba Malaika, sauti ya kwanza tu, kwa sababu ndiyo pekee tuliyopata kwa Baba. Sauti ya pili haina mtu. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, tutamaliza ubeti mmoja kisha tutakusaidia kuanua kahawa kabla ya umande. Mchele tunakuja nao. Usichinje jogoo yule mweusi.

Wanao wanne