Daftari limeungua, majina yamebaki

Najua nimepotea sana humu. Kulikuwa na mitihani, halafu kuna hii habari ya mama mdogo ambayo nimekuwa nikiikwepa. Leo umeme upo, mwenzangu wa chumbani kaenda kwao, ngoja niimwage yote.

Mama mdogo anauza kanga kwenye soko moja hapa Mtwara mjini. Mwaka jana, mwezi wa nane, mstari wao wa vibanda uliungua usiku. Tulipofika alfajiri kulikuwa na mabati yaliyokunjamana na moshi tu. Alikuwa na doti kama 60, yaani korija tatu, na korija moja kati ya hizo alikuwa bado hajamlipa tajiri wake wa Kariakoo.

Watu wakaja kutoa pole, na kila mmoja na msemo wake. Na mimi, si ndiyo mwanafunzi wa Kiswahili, nikajifanya nina la kusema: "Mama mdogo, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Akaniangalia. Duh, sijawahi kuangaliwa vile. "Mwanangu, hela zangu ziko kwenye hayo yaliyopita."

Sikuelewa mpaka jioni. Huku kwetu kuanzia mwezi wa sita ni msimu wa ngoma. Watoto wanachezwa unyago, na kila shangazi na kila somo anataka doti mpya. Lakini hela za korosho zinaanza kuonekana mwezi wa kumi, minada ikishafunguliwa. Kwa hiyo kanga zinatoka sasa, hela inakuja baadaye, na katikati hapo kuna daftari. Lile daftari lilikuwa na thamani kuliko nguo zilizokuwa kibandani, nalo lilikuwa kwenye droo ya meza. Mimi namwambia asahau yaliyopita, wakati yeye anahangaika kuyakumbuka!

Misemo mingine iliyoshindwa siku ile... Mzee mmoja alisema "usipoziba ufa utajenga ukuta", akitazama nyaya za umeme zilizoungua. Kweli tupu, ila hiyo ni methali ya kumpa mtu kabla ya ajali. Ukimpa baada yake umemlaumu. Jirani mwingine akasema "Mungu hamtupi mja wake". Hii ndiyo iliyonishangaza zaidi, kwa sababu mama mdogo mwenyewe huipenda. Mnakumbuka Aprili 2019, tulipoambiwa Kimbunga Kenneth kinakuja, shule zikafungwa na watu wakaambiwa wahamie sehemu za juu? Alifunga kanga zote kwenye mifuko ya plastiki akazihamishia kwa ndugu. Kimbunga kikapiga Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25 mwezi ule, na yeye alirudi sokoni akiisema hiyo hiyo methali mwezi mzima. Safari hii aliisikia akainamisha kichwa. Nadhani aliona kama anaambiwa kwamba yeye ndiye aliyetupwa. (Na wale wa Cabo Delgado je? Sikuwahi kuwaza hilo kabla ya siku ile.)

Aliyempata ni fundi cherehani wa kibanda cha pili. Cherehani yake ilikuwa imebaki chuma cheusi. Akaketi kwenye tofali karibu naye, kimya kama dakika kumi, halafu akasema: "Shemeji, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Darasani tunaichambua hii kila mwaka, lakini nilikuwa sijawahi kuisikia kwa mtu ambaye koleo lake limevunjika kweli. Alikuwa anajiambia na yeye. Tena methali yenyewe haimwambii mtu kwamba hajapoteza. Inakubali kwamba koleo limekwenda, halafu inamwachia kazi ya kutafuta uhunzi wake uko wapi.

Usiku ule nyumbani mama mdogo akaniita: "Chukua kalamu. Wa kwanza, Japo sipati tamaa sikati."

Nikadhani anajipa moyo. Kumbe anaanza orodha! Yeye hamkumbuki mteja kwa tarehe wala kwa kiasi. Anamkumbuka kwa jina la kanga aliyochukua, yale maneno ya kwenye pindo. "Japo sipati tamaa sikati, nyekundu, mama wa Msanga Mkuu anayekuja na kivuko, kabakiza nusu. Sisi sote abiria dereva Mungu, doti mbili, yule mwalimu." Nikachora safu tatu: jina la kanga, mtu, kilichobaki. Mpaka saa saba usiku tulikuwa na watu 31. Kuna majina ya kanga yaliyobaki bila mtu, na kuna mtu mmoja tuliyekumbuka sura yake tu na kwamba alikuwa mjamzito.

Kumbuka lakini, hapo hatuna ushahidi wowote. Mtu akikataa, basi. Mama mdogo hakumfuata mdeni hata mmoja kudai. Alimpigia simu kila mmoja kumwambia tu kwamba kibanda kimeungua, akanyamaza. Wengine walitoa pole wakakata. Wengine walisema wenyewe: "Na lile deni langu nalikumbuka."

Bibi mmoja wa Msimbati hakuwa hata na simu. Habari zilimfika, akapanda gari akaja, na huyu jina lake sisi hatukulikumbuka kabisa! Alikuwa amechukua doti tatu. Alilipa kidogo, akasema zingine ataleta kila baada ya bamvua, maana maji yakitoka sana ndipo wanawake wa kule wanapata pweza na chaza wa kutosha kuuza. Akacheka: "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, mwanangu." Mama mdogo naye akacheka, mara ya kwanza tangu moto. Ukiangalia, bibi alikuwa anazungumzia ratiba ya malipo.

Tajiri wa Kariakoo alikubali kumpa nusu korija nyingine, doti kumi, huku la zamani likisubiri korosho. Pengine kwa sababu anajua moto ni nini, soko lao kubwa liliungua Julai 2021. Mimi nilitoa kwenye bumu langu mbao na misumari, msiniulize nilikula nini mwezi ule.

Kwenye kuchagua zile doti kumi ndipo nilipojifunza kitu ambacho hakuna mhadhiri aliyewahi kunifundisha. Nilimwambia achukue "Hasidi hana sababu", maana inauzika sana. Akakataa katakata. Soko zima lilikuwa linanong'ona kwamba moto uliwashwa na mtu. Akiitundika ile mbele ya kibanda kipya, kila jirani atasoma kwamba anatajwa yeye. Kanga ukiivaa au ukiitundika umeshasema, hata kama mdomo umefunga. Akachukua nne za "Japo sipati tamaa sikati" na sita za maneno ya upole ya kina mama na watoto.

Mpaka mwezi wa kwanza, watu 22 kati ya wale 31 walikuwa wamemaliza. Watano wanalipa kidogo kidogo. Wanne wamekuwa wakipita njia nyingine sokoni, na mama mdogo anawasalimia kwa sauti kubwa kutoka mbali, makusudi kabisa.

Bibi wa Msimbati bado ana deni la nusu doti. Daftari sasa yako mawili. La pili liko hapa hosteli, chini ya godoro langu, na kila Jumamosi naenda sokoni kunakili mapya. Wiki hii yapo matano. Yule mjamzito bado hatujampata, ila kama kuna msomaji ana dada aliyejifungua mwaka jana mwezi wa tisa hivi na ana kanga ya kijani yenye mikorosho, amwambie mama mdogo anamsalimia.