Kosa Lilikuwa Kwenye Barua Yangu

Kontena la vipuri vyetu lililokaa bandarini Dar es Salaam hadi tozo zikalimbikizana lilikwama kwa sababu yangu. Aliyelaumiwa kikaoni ni mwenzangu aliyenishikia kazi nilipokuwa likizo, nami nilinyamaza. Leo naeleza ilivyokuwa.

Kabla ya kuondoka nilimwandikia barua pepe ya makabidhiano. Kuhusu kontena niliandika hivi: "Ushuru umeshakadiriwa, tunasubiri idhini ya mkurugenzi ili tulipe." Yeyote angeelewa kwamba maombi ya malipo yako mezani kwa mkurugenzi. Hayakuwapo. Niliyaandaa, nikayaweka nikisubiri ankara ya mwisho ya wakala wa forodha, kisha nikasahau kuyatuma. Mwenzangu akawa anamsubiri mkurugenzi, na mkurugenzi hakujua kwamba anasubiriwa.

Tena sikutaja tarehe. Kampuni ya meli hutoa siku kadhaa za bure. Zikiisha, tozo ya kontena huhesabiwa kila siku, na gharama za kuhifadhi mzigo bandarini hulipwa kando. Siku zetu ziliishia tarehe 19. Mimi nilijua, kwa kuwa nyaraka nilikuwa nazo. Yeye angejuaje?

Kwenye mambo ya dharura niliandika, "Nipigie wakati wowote," nikaongeza namba ya ofisi ya wakala. Likizo hiyo nilikwenda kumuuguza mama, na mwenzangu alilijua hilo. Niliporudi aliniambia, "Dada, ningekupigiaje na mama yuko hospitali?" Alikuwa sahihi. Nilipaswa kumwelekeza kwa mtu aliyepo ofisini mwenye mamlaka ya kuidhinisha malipo, na kumpa simu ya mkononi ya afisa wa wakala anayeshughulikia faili letu.

Maelezo yale yalitakiwa yasomeke hivi: "Kontena la vipuri: maombi ya malipo sijayatuma, yamo kwenye folda ya pamoja. Nikishaondoka, yatume kwa mkurugenzi Jumatatu asubuhi. Siku za bure zinaisha tarehe 19. Asipojibu hadi tarehe 15, mpelekee mhasibu mkuu. Ana ruhusa ya kuidhinisha. Malipo yakishafanyika, mjulishe wakala siku hiyohiyo aanze kuutoa mzigo." Hapo angejua jambo limefikia wapi, liko mikononi mwa nani, na afanye nini kukiwa kimya. Kuyaandika kungenichukua dakika chache tu.

Nimemwandikia mkurugenzi haya yote na kuomba muhtasari wa kikao kile urekebishwe. Nawe mdogo wangu uliyebeba lawama, nakuomba radhi kwa mawili: kwa kukuachia kazi nusu nikiiita kamili, na kwa kukaa kimya ulipokuwa unaulizwa maswali ambayo majibu yake nilikuwa nayo mimi.