Jibu na Tafsiri Yake

Kwetu Unguja neno shamba ni pana. Ukiuacha mji nyuma na vitongoji vyake, umekwenda shamba, hata kama hukushika jembe. Kule Moshi neno hilo hilo limebanwa, likawa jembamba. Na wembamba huo ndio ulionifunza kwamba kumtaka mtu ajibu kwa Kiswahili si sawa na kutaka jibu lake lifasiriwe kwa Kiswahili.

Mchaga wa mlimani aghalabu hutambua ardhi za namna mbili. Ya kwanza ni kihamba: migomba na mibuni chini ya miti mirefu, na nyumba katikati yake. Humo ng'ombe hulishwa zizini, humo wamezikwa wazee, na mipakani huoteshwa masale, mmea ambao pia hupelekwa kwa aliyekosewa ili kumwomba radhi. Kwa mila, kihamba hakitoki katika ukoo. Mwana wa kwanza hukatiwa chake anapooa, na kitindamimba hurithi nyumba ya wazazi pamoja na migomba yake. Ardhi ya pili iko chini, kwenye joto, na hulimwa mahindi na maharage. Hiyo ndiyo iitwayo shamba.

Mzee mmoja wa Marangu aliniomba nimwandikie wasia, kwa Kiswahili, ili usomeke popote utakapopelekwa. Nikamwuliza, "Babu, una mashamba mangapi?" Akajibu bila kusita, "Moja tu, liko huko chini, la mahindi." Naye alilisema hilo akiwa ameegemea mgomba wake mwenyewe. Mjukuu wake alikuwa karibu. Nikamwomba amwulize babu yake kwa Kichaga, kisha anifasirie. Mzee alisema maneno mengi, mara akionyesha nyumba, mara makaburi, mara tambarare ya mbali. Mjukuu akayakusanya yote katika kauli moja: "Ana mashamba mawili."

Hapana aliyesema uongo. Mzee alijibu kwa Kiswahili cha Moshi, ambamo shamba na kihamba ni vitu viwili visivyohesabiwa pamoja. Mjukuu alifasiri, na mfasiri hutafuta neno ambalo mgeni atalielewa. Akalichukua shamba kwa maana yake pana, akamvisha hilo kihamba. Jibu la kwanza lingeandikwa lilivyo, wasia ungeiacha nje ardhi yenye makaburi. Ingeandikwa tafsiri, kihamba kingeingia, lakini kwa jina la ardhi ya mahindi, na msomaji wa baadaye asingeona sababu ya kutokiuza kimoja na kukibakisha kingine. Jibu lilificha kitu; tafsiri ilificha tofauti.

Dalili ya mambo kama haya ni hesabu kutopatana: mtu yule yule, ardhi ile ile, mara moja, mara mbili. Hapo dawa si kuchagua baina ya majibu, bali kuuliza swali la tatu, tena kwa kunyoosha kidole. Nikauliza, "Na hapa tulipokaa?" Mzee akacheka. "Hapa si shamba, mwanangu. Hapa ni kihambani." Basi tukaandika hivyo: shamba moja, kihamba kimoja, na mbele ya neno kihamba tukaeleza kwa sentensi mbili maana yake na mpaka wake wa masale.

Mlima huo una kisa cha kale cha namna hii, na aliyejibu ni mtu wa kwetu pwani. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya kilele, akamwuliza kiongozi wake wa safari, Bwana Kheri, ni kitu gani kile. Kiongozi alijibu kwa neno moja: baridi. Baadaye Rebmann alijifunza kwamba Wachaga wana jina lao, Kibo, naye akalifasiri kuwa theluji. London, mwanajiografia William Desborough Cooley alikataa kusadiki kwamba theluji ingeweza kukaa karibu na ikweta.

Yapo watakaosema kwamba Bwana Kheri alikosa msamiati. Mimi naona alijibu. Tafsiri ya Kibo hutupa jina la kitu. Baridi hutupa habari ya kitu hicho kama inavyomfikia mtu aliyezoea jua la pwani, ambaye anaijua theluji kwa inavyomfanya mwili, si kwa jina lake. Aliyetaka kujua mlimani kuna nini, tafsiri ingemtosha. Aliyetaka kujua watu wa pwani waliujuaje mlima ule, hana budi kulipokea lile neno moja jinsi lilivyotamkwa, asilifanye theluji.