Kadi ya Wafarini Ilibaki Kabatini

Asubuhi ile nilitema povu la dawa ya meno likiwa jekundu. Nikadhani ni mswaki mpya. Jioni nikaona doa la damu iliyovilia chini ya ngozi ya paja, pana kama kiganja, na sikukumbuka kujigonga popote. Kesho yake choo kilitoka cheusi, kinanata kama lami. Hapo mama mkwe alinifunga kanga akanitoa nje, "Twende, mwanangu, hii si ya kusubiri."

Nina valvu ya chuma moyoni. Utotoni nilikuwa nikiugua mafindofindo mara kwa mara, na homa iliyofuata ikaniharibu moyo pole pole, hadi ukubwani valvu moja ikabidi kubadilishwa. Damu ikikutana na chuma hupenda kuganda, na bonge dogo likichomoka laweza kupanda ubongoni likaleta kiharusi. Ndiyo maana kila siku saa mbili usiku nameza wafarini. Kipimo chake kinaitwa INR. Asiyetumia dawa hii huwa na 1 hivi. Mimi, kwa valvu yangu, natakiwa niwe kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka naganda, ikipanda navuja.

Siku ile ilisoma 7.8.

Daktari hakuuliza nimekula nini. Aliuliza, "Mama, wiki hii umemeza dawa gani nyingine?" Nikasema hakuna. Kwangu mimi zile za tumbo hazikuwa dawa za kuhesabu! Tumbo lilikuwa limenisokota, nikaenda duka la dawa, nikapewa metronidazoli, ile wengi tunayoita Flajili, vidonge viwili mara tatu kwa siku. Kadi yangu ya wafarini ilikuwa kabatini nyumbani, na muuza dawa hakuwa na namna ya kujua. Daktari alinieleza kwamba ini ndilo linaloiondoa wafarini mwilini, na metronidazoli hulizuia kazi hiyo. Kwa hiyo nilikuwa nameza kidonge kilekile kimoja, lakini mwilini kinakaa kama viwili au zaidi. Septrini na flukonazoli ya fangasi hufanya vivyo hivyo. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, inaiondoa haraka mno.

Walisimamisha wafarini, wakaniwekea plazma na vitamini K kidogo tu. Nyingi ingeifanya valvu igande, na wafarini ingekataa kufanya kazi kwa siku kadhaa. Nililala wodini siku sita.

Aspirini na diklofenaki zina hila yake. INR inaweza kusoma vizuri kabisa huku tumbo linachubuka na kuvuja, kwa hiyo maumivu yangu sasa ni ya parasetamoli, na hata hiyo nikiihitaji siku nyingi mfululizo naarifu kliniki. Mizizi ya kuchemsha ndiyo imenigombanisha na shangazi zangu. Sijui kilichomo, na wao hawajui.

Kabla ya hapo niliwahi kukosea upande wa pili. Jirani aliniambia mboga za majani zinaua dawa, nikaacha kabisa mchicha na matembele miezi miwili. Dozi ikapangwa kwa mwili usiokula mboga. Kisha nikaenda msibani kijijini, wiki nzima kisamvu mchana na usiku, INR ikashuka hadi 1.7. Majani yana vitamini K, ndiyo wafarini inayopambana nayo. Sista wa kliniki alinicheka kidogo: "Dada, kula mboga zako. Ila kiasi cha leo kisizidiane na cha juzi." Sasa ni bakuli moja dogo, karibu kila siku, na dozi imepangwa juu ya bakuli hilo.

Kusahau nako kumenipata. Nikikumbuka usiku uleule, hata saa tano, nameza. Nikikumbuka asubuhi, nimeshakosa: naandika kwenye kalenda na usiku nameza kimoja cha kawaida. Sifidii kwa viwili, kwa sababu nguvu ya kidonge huonekana baada ya siku mbili tatu, na cha kufidia kingenikuta mbele.

Damu ya pua isiyokata baada ya dakika 10, mkojo mwekundu, choo cheusi, hedhi inayomwagika kuliko kawaida, kichwa kinachouma ghafla au kugongwa kichwani hata bila jeraha: kwa hayo siendi dukani wala sisubiri kupambazuke, naenda hospitali.

Kipimo cha mwisho kilisoma 2.9. Kadi imehama kabatini, iko ndani ya kava la simu. Wewe unayetumia dawa hii, ukifika dirishani pa duka la dawa, toa kadi kwanza, ndipo utaje kinachokuuma.