Pikipiki yako itauzwa shilingi ngapi baada ya miaka minne? Piga hesabu kabla ya kununua

Msimu wa mavuno ukiisha huwa napokea swali moja kutoka kwa wengi wenu: "Afisa, ninunue pikipiki gani?" Mimi hujibu kwa swali lingine: unafikiri utaiuza lini, na kwa shilingi ngapi? Wengi hucheka. Lakini huku kwetu pikipiki ni chombo cha kazi na ni akiba pia. Ikifika Januari na ada ya shule, au mgonjwa akihitaji kupelekwa hospitali, ndiyo inayouzwa. Bei utakayopata siku hiyo inaanza kuamuliwa siku unayonunua.

Leo nataka tukae kwenye hesabu hiyo.

Anza na bei ya leo

Watu wengi huchukua bei waliyonunulia miaka minne iliyopita, wakailinganisha na bei wanayouzia sasa. Hesabu hiyo inadanganya, kwa sababu pikipiki mpya nazo hupanda bei. Linganisha hivi: pikipiki mpya ya aina hiyo inauzwaje leo, na yenye umri wa miaka minne inauzwaje leo hii hii.

Bei ya mpya utaipata dukani. Kwa ile ya zamani, tafuta watu watatu waliouza kweli, siyo wanaotangaza. Bei ya kutaja na bei ya kukabidhiana ni vitu viwili. Fundi wa kituoni na dalali wanajua nani alilipa nini. Ukisikia 1,700,000, 1,600,000 na 1,300,000, chukua ile ya katikati. Mara nyingi ya chini ilikuwa na shida, na ya juu ilikuwa na mnunuzi mwenye haraka.

Umri wake usiulize kwa mdomo tu. Soma kadi, uangalie mwaka wa kutengenezwa na tarehe ya kusajiliwa. Wanunuzi wa kwetu huangalia pia herufi za mwisho kwenye namba ya MC, kwa sababu zinasonga mbele kadiri miaka inavyokwenda. Kilomita za kwenye dashibodi zisikutulize. Pikipiki nyingi za kazi husomea kilomita kwa waya unaotoka gurudumu la mbele, na waya ukikatika, namba husimama hapo hapo huku pikipiki ikiendelea kutembea.

Mfano wa mama wa mpunga

Kuna mama mmoja ananunua mpunga mashambani na kuupeleka mashineni. Alikuwa anachagua kati ya pikipiki mbili mpya. Nitatumia tarakimu za mfano. Wewe weka za sokoni kwako.

Ya kwanza, tuiite A, ni aina ambayo vituo vyote vinaitumia. Mpya ni 3,200,000, na ya miaka minne inauzwa 1,600,000, yaani nusu. Ya pili, B, ni ya jina lisilozoeleka. Mpya ni 2,400,000, na ya miaka minne inauzwa 720,000 tu.

Ukiangalia mfuko wa leo, B ina nafuu ya 800,000. Sasa toa bei ya kuuzia. A imepoteza 1,600,000 kwa miaka minne, sawa na 400,000 kwa mwaka. B imepoteza 1,680,000, sawa na 420,000 kwa mwaka. Ile ya bei rahisi ndiyo iliyokula fedha zaidi, na bado hatujahesabu siku ilizolala ikisubiri kipuri kutoka mjini.

Nikamwonyesha mama njia ya tatu: kununua A iliyotumika miaka miwili kwa 2,200,000. Akiitumia miaka minne na kuiuza kwa 1,200,000, amepoteza 1,000,000. Tumuongezee 300,000 za matengenezo makubwa, kama silinda, pistoni, cheni na sproketi. Inakuwa 325,000 kwa mwaka. Sababu ni kwamba pikipiki hushuka zaidi miaka ya mwanzo, na mteremko huo umelipwa na mwenzako. Ila hesabu hii inasimama tu kama injini ni nzima. Ikiwa ilikuwa inabeba abiria usiku na mchana, hiyo 300,000 haitatosha.

Aina zipi hushika bei

Huku kwetu utaona Boxer na TVS HLX zikiuzwa haraka na kwa bei nzuri. Mnunuzi wa pikipiki kuukuu anajiuliza jambo moja: ikiharibika, nitatengenezewa hapa hapa? Kwa aina hizo, klachi, kabureta na nyaya viko kwenye duka la kijiji, na fundi anazijua. Tena umbo lake halibadiliki sana kwa miaka, kwa hiyo kipuri cha leo kinaingia kwenye ya zamani. Zina kiki ya mguu, kwa hiyo betri ikifa safari haifi.

Pikipiki nyingi za Kichina zina injini iliyofuata muundo wa Honda CG125. Injini ya namna hiyo fundi anaiweza, na vipuri vyake vinaingiliana. Kinachoziangusha mara nyingi ni tangi, taa, mbavu na kiti, ambavyo kila jina lina vyake. Kwa hiyo kabla ya kununua jina geni, nenda dukani ukaulize taa ya mbele na tangi, usiulize pistoni. Ukiambiwa "tutaagiza", jua kwamba mnunuzi wako wa kesho ataambiwa hivyo hivyo, na atapunguza bei.

Pikipiki za umbo la mashindano, zenye plastiki nyingi, hushuka haraka vijijini. Hazibebi gunia vizuri, na plastiki ikivunjika inaonekana mbali.

Ukubwa wa injini nao uangalie mahali ulipo. Penye milima na mizigo, ya 150 hupata wateja kuliko ya 100. Penye tambarare, ya 100 hupendwa kwa kula mafuta kidogo.

Kinachopandisha au kushusha bei yako mwenyewe

Pikipiki mbili za umri mmoja zinaweza kupishana laki kadhaa. Mnunuzi mjanja ataangalia kama injini imewahi kushushwa: vichwa vya bolti vilivyokwaruzika na gundi iliyotokeza kwenye maungio humwambia. Ataiwasha ikiwa ya baridi na kuongeza mafuta. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na ringi zimechoka. Ataangalia kama fremu imechomelewa, na kama namba ya chesesi inalingana na kadi.

Hapo kwenye kadi ndipo wengi wanapoumia. Kadi ikiwa bado ina jina la mtu wa tatu aliyehamia mkoa mwingine, mnunuzi makini anaondoka, na anayebaki anataja bei ya kutupa. Kamilisha kubadilisha umiliki TRA ukiwa umenunua tu, wakati aliyekuuzia bado anapatikana.

Na ukiweza, uza baada ya mavuno, watu wakiwa na fedha. Januari wauzaji ni wengi kwa sababu ya ada, na wanunuzi ni wachache.

Kabla hujatoa fedha, andika kwenye karatasi namba tatu: bei ya mpya leo, bei ya ile ya miaka minne leo, na tofauti yake ukiigawa kwa nne. Fanya hivyo kwa kila aina unayoifikiria, kisha ndipo uende dukani.