Kuuza pampu Kambarage

Nilipanda basi Mwanza alfajiri, na jua lilipoanza kukaza nilikuwa Shinyanga mjini, naulizia ofisi ya mteja kata ya Kambarage. Sikuwahi kuuza pampu upande huo. Mteja ni mzee mwenye duara la dhahabu mkoani Geita, ila manunuzi yake yote yanapangwa hapa.

Nikatoa shikamoo, nikaongeza "mwangaluka", ambayo ndiyo karibu Kisukuma changu chote. Mzee akacheka, akanielekeza kwa mhasibu wake, kijana nadhifu aliyeanza moja kwa moja kwa Kiingereza: bei, waranti, masharti ya malipo. Nami nikamjibu kwa Kiingereza hichohicho. Mtu akikuuliza kwa Kiingereza ukamjibu kwa Kiswahili, anaweza kudhani unamsahihisha.

Lakini chumbani tulikuwa wanne. Pembeni alikaa msimamizi wa duara, buti zina tope, hajatia neno. Kiingereza kilikuwa chaguo la mhasibu peke yake.

Mzee akakatiza: "Hiyo hela ni pamoja na mpira?"

Nikamjibu kwa Kiswahili, nikabaki humo. Sikurudi kwa mhasibu na Kiingereza ili kumridhisha. Aliyeuliza sasa ni mwenye hela. Hapo ndipo msimamizi naye akafungua mdomo.

"Maji yetu yako chini futi hamsini."

Biashara ikabadilika palepale. Pampu ya petroli tuliyokuwa tukiipigia hesabu hukaa juu na kunyonya, na pampu ya kunyonya, hata iwe na nguvu vipi, haivuti maji kutoka chini zaidi ya mita 8 hivi. Kinachoyapandisha mpirani ni msukumo wa hewa ya nje, nao una kikomo. Futi hamsini ni mita 15.

"Si tuishushe ndani?" akauliza.

Nikamkatalia. Moshi wa injini ukijaa duarani unaua watu. Walichohitaji ni pampu ya umeme ya kuzamisha majini, jenereta ibaki juu, mbali na mdomo wa duara. Mhasibu hakuwa na swali la kina cha maji kwenye orodha yake, na asingeweza kuwa nalo.

Akarudi kwenye Kiingereza kuuliza mzigo utafika lini. Nikamtajia saa tisa za asubuhi kwa saa ya Kizungu, kisha nikamgeukia msimamizi: "Saa tatu asubuhi, kaka." Ukihama lugha, saa nayo lazima uihamishe, la sivyo gari litasubiriwa asubuhi lifike alasiri.

Kotesheni niliiandika kwa Kiingereza, maana inaingia kwenye faili la mhasibu. Kina na aina ya pampu nikavirudia chini kwa Kiswahili, kwa ajili ya atakayeifunga.

"Punguza kidogo, mwanangu," mzee akasema.

Nikamwondolea gharama ya usafiri. Bei ya pampu sikuigusa.