Printa Imeoanishwa, Lakini Risiti Haitoki

Leo nina habari za kile kiprinta kidogo cha risiti kinachotoshea kiganjani, kinachotumia betri na karatasi ya upana wa milimita 58. Niliandika programu ya mauzo kwa ajili ya duka la nafaka la shangazi yangu huko Kongowea, Mombasa. Maswali niliyoulizwa sana pale dukani ni mawili. Mbona simu inasema printa imeoanishwa na risiti haitoki? Na mbona hesabu ya jioni haikubaliani na risiti?

Tuanze na la kwanza. Kabla ya kugusa simu, zima printa, kisha iwashe huku umeshikilia kitufe cha kusukuma karatasi. Nyingi hutoa karatasi ya majaribio yenye jina la printa. Ikitoka tupu, huenda umegeuza karatasi. Printa hizi hazina wino. Karatasi yenyewe ndiyo hugeuka nyeusi kwa joto, tena upande mmoja tu. Ikwaruze kwa ukucha: upande unaoacha alama ndio unaoelekea kichwa cha joto. Baada ya hapo fungua Bluetooth kwenye simu, chagua lile jina, na ukiulizwa namba ya siri jaribu 0000 au 1234.

Sasa zimeoanishwa, yaani zimefahamiana tu. Kuwa na namba ya mtu kwenye simu si sawa na kuzungumza naye. Mazungumzo huanza pale programu inapofungua njia ya kupeleka maandishi, na printa nyingi za bei nafuu huzungumza na simu moja tu kwa wakati mmoja. Pale dukani binamu yangu aliuza asubuhi kwa simu yake, akaiweka mfukoni programu ikiwa wazi. Shangazi alipojaribu kuchapa, simu yake ilisubiri sekunde kadhaa kisha ikaleta hitilafu.

"Basi printa imekufa," akasema.

"La, shangazi, iko mfukoni mwa mwanao," nikamjibu.

Dawa yake ni programu kufungua njia, kupeleka risiti moja, kisha kuifunga:

```
val njia = printa.createRfcommSocketToServiceRecord(SPP)
njia.connect()
njia.outputStream.write(risiti)
Thread.sleep(1500)
njia.close()
```

SPP hapo ni `00001101-0000-1000-8000-00805F9B34FB`, namba ya huduma inayotumiwa na printa za aina hii. Hiyo sekunde moja na nusu ina kazi: ukifunga mara tu baada ya kupeleka, mistari ya mwisho inaweza kukatika, na huko ndiko jumla ya pesa huandikwa.

La pili ndilo linaloumiza mfuko. Shangazi alizoea kuchapa risiti mbili, moja ya mteja na moja ya kuchomeka kwenye msumari ukutani, na jioni hujumlisha zile za msumarini. Siku moja droo ilikuwa na shilingi 18,450 baada ya kutoa chenji ya kuanzia, msumari ukasema 17,130. Tofauti ni 1,320. Siku hiyo pesa zilizidi, lakini karatasi zinazopungua ndizo pia humfichia mtu anayechukua.

Karatasi iliisha katikati ya mchana, na simu ikaendelea kusema risiti imetumwa. Haikudanganya. `write` ikimalizika bila hitilafu maana yake ni kwamba maandishi yameingia kwenye njia, si kwamba yametoka kwenye karatasi. Ipo amri ya kuiuliza printa kama ina karatasi, `10 04 04`, ila baadhi ya printa za bei nafuu haziijibu, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Kwa hiyo mauzo yahifadhiwe kwenye simu kwanza, yakiwa na namba yake, ndipo yachapwe. Mteja asipopata risiti, unachapa ileile tena, namba ileile, na juu yake neno NAKALA. Kamwe usianze mauzo mapya ili tu karatasi itoke, maana hapo utakuwa umeuza gunia moja mara mbili.

Tulipofungua orodha ya siku ile, namba 27 na 28 hazikuwa msumarini: maharagwe ya 850 na mchele wa 470. Jumla 1,320, hesabu ikakaa sawa. Siku hizi shangazi husoma jumla kwenye simu, na msumari anautumia kuangalia ni namba zipi hazipo. Pia hubadilisha karatasi akiona mstari wa rangi pembeni, ile alama ya kwamba inakaribia kwisha, hata kama foleni ni ndefu.